Nukta ya Usawa, Faida Lengwa na Uwezo wa Mashine: Ufafanuzi wa Zoezi la Kiwanda cha Kukamua Alizeti

1.0 Utangulizi

Katika mitihani na mazoezi ya uhasibu wa gharama, swali la nukta ya usawa huhesabiwa kuwa miongoni mwa maswali mepesi. Mwanafunzi hupewa jumla ya gharama zisizobadilika, gharama inayobadilika ya kila kizio na bei ya kuuzia. Hutoa, hugawanya, na jibu hupatikana katika mstari wa tatu. Wepesi huo, hata hivyo, hautokani na dhana yenyewe. Unatokana na mtungaji wa swali, ambaye amekwisha kuifanya sehemu ngumu ya kazi kabla karatasi haijamfikia mwanafunzi: ameamua gharama ipi ibadilike na ipi isibadilike, amechagua kizio, na amehakikisha kwamba jibu linaingia ndani ya uwezo wa kiwanda.

Makala haya yanafafanua zoezi moja ambalo uamuzi huo umeachwa mikononi mwa mwanafunzi. Hoja inayojengwa ni kwamba jibu la kanuni huwa halijakamilika mpaka lirudishwe kwenye mashine na kwenye soko la malighafi, likaulizwe kama linawezekana. Katika zoezi hili jibu sahihi la kihesabu la faida lengwa haliwezekani kutekelezwa, na mwanafunzi asiyeligundua hilo humshauri mwenye kiwanda aahidi asichoweza kutimiza.

2.0 Maelezo ya zoezi

Kampuni ndogo mkoani Singida inakamua alizeti na kuuza mafuta katika madumu ya lita 20. Singida imechaguliwa kwa kuwa ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayolima sana zao hilo, na viwanda vidogo vya aina hii ni vya kawaida huko. Bei na gharama zote zimetungwa kwa ajili ya zoezi, na hazijumuishi kodi ya ongezeko la thamani. Sharti hili la mwisho si la kupambia maelezo. Kodi ya ongezeko la thamani inayokusanywa kwa mteja si mapato ya muuzaji, na mwanafunzi anayetumia bei iliyo na kodi hiyo hukuza mchango wa kila kizio kwa fedha ambazo kampuni haimiliki.

Dumu moja huuzwa shilingi 80,000. Ili kupata dumu hilo, kiwanda hukamua kilo 80 za mbegu, zinazonunuliwa kwa shilingi 800 kila kilo. Kutokana na kilo hizo hubaki pia kilo 56 za mashudu, ambazo wafugaji hununua kwa shilingi 250 kila kilo. Lita 20 za mafuta ya alizeti zina uzito wa takribani kilo 18.4, kwa hiyo mafuta na mashudu kwa pamoja ni kilo 74.4, na kilo 5.6 zinazosalia ni unyevu, vumbi na masimbi. Inafaa mwanafunzi aanze kwa ulinganisho huu wa uzito. Zoezi ambalo mafuta na mashudu yake yanazidi uzito wa mbegu lina kosa ambalo hesabu yoyote ya baadaye haiwezi kulirekebisha.

Gharama nyingine zinazofuata kila dumu ni usafiri wa mbegu shilingi 1,500, umeme wa kukamulia shilingi 2,000, dumu lenyewe shilingi 3,500 na ujira wa kibarua anayelipwa kwa idadi ya madumu aliyojaza na kupakia, shilingi 1,000. Kwa mwaka mzima kampuni hulipa pango shilingi 3,600,000, mshahara wa meneja shilingi 7,200,000, mshahara wa fundi mwendesha mashine shilingi 5,400,000, mlinzi shilingi 3,000,000, na leseni pamoja na bima shilingi 1,520,000. Mashine iligharimu shilingi 18,000,000 na inatarajiwa kutumika kwa miaka 6 bila thamani ya masalio. Uchakavu wake kwa mwaka, kwa njia ya mafungu sawa, ni shilingi 3,000,000.

Matengenezo ya mashine hayakutolewa kwa mwaka wala kwa dumu. Zoezi linasema tu kwamba katika mwezi wa uzalishaji mdogo kabisa, madumu 60, matengenezo yaligharimu shilingi 310,000, na katika mwezi wa uzalishaji mkubwa kabisa, madumu 140, yaligharimu shilingi 470,000.

Wenye hisa wanauliza mambo mawili: ni madumu mangapi yauzwe kwa mwaka ili kampuni isipate hasara wala faida, na ni mangapi yauzwe ili, baada ya kulipa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30, ibaki faida ya shilingi 9,100,000.

3.0 Kutenganisha gharama

Gharama ambayo jumla yake hubaki ileile, kiwanda kiuze madumu 500 au 1,500, ndiyo gharama isiyobadilika. Ile ambayo jumla yake hupanda kwa kiasi kilekile kila dumu linapoongezwa ndiyo gharama inayobadilika. Fasili hizi zinahusu jumla, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa sababu gharama hizohizo zikitazamwa kwa kizio hugeuka: gharama inayobadilika huwa tuli kwa kila dumu, na isiyobadilika hupungua kwa kila dumu kadiri madumu yanavyoongezeka.

Jina la gharama halitoshi kuiweka upande wowote. Ujira wa kibarua na mshahara wa fundi zote mbili ni malipo ya kazi, lakini kibarua hulipwa kwa dumu na fundi hulipwa kwa mwezi. Kinachoamua ni namna mkataba wa malipo unavyokwenda.

Matengenezo ni gharama mseto. Sehemu yake ni ukaguzi wa kila mwezi, ambao hulipwa hata mashine ikilala. Sehemu nyingine ni uchakavu wa parafujo ya kukamulia na vyuma vya kizimba chake, ambavyo huliwa na mbegu zenyewe. Kadiri zinavyopita nyingi ndivyo vinavyohitaji kujazwa kwa kuchomelewa au kubadilishwa. Kwa kuwa zoezi limetoa miezi miwili tu, njia ya kiwango cha juu na cha chini ndiyo inayowezekana. Tofauti ya gharama ni shilingi 160,000, tofauti ya uzalishaji ni madumu 80, kwa hiyo:

Matengenezo yanayobadilika = 160,000 ÷ 80 = shilingi 2,000 kwa dumu

Katika mwezi wa madumu 60, sehemu inayobadilika ni shilingi 120,000, na inayobaki, shilingi 190,000, haibadiliki. Mwezi wa madumu 140 unathibitisha: 470,000 kutoa 280,000 ni shilingi 190,000 vilevile. Uthibitisho huu huonesha tu kwamba hesabu haikukosewa. Hauoneshi kwamba miezi hiyo miwili ilikuwa ya kawaida, kwani mstari wowote unaochorwa kwa nukta mbili lazima upite kwenye nukta hizo. Kama mwezi wa madumu 140 ndio uliokuwa na uvunjikaji mkubwa wa ghafla, makadirio ya shilingi 2,000 yatakuwa makubwa mno, na njia hii haina namna ya kulitambua hilo. Kwa mwaka, sehemu isiyobadilika ni 190,000 × 12, yaani shilingi 2,280,000.

Linabaki suala la mashudu, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote katika zoezi. Mashudu hayakutengenezwa kwa kukusudiwa. Yanatoka kwa lazima, kilo 56 kwa kila dumu la mafuta. Kwa kuwa yanafuata uzalishaji kwa uwiano usiobadilika, mapato yake ya shilingi 14,000 (56 × 250) yanaweza kupunguzwa kwenye gharama inayobadilika ya dumu. Mwanafunzi anayeyaacha kwa hoja kwamba kampuni ni ya mafuta, au anayeyaongeza mwishoni kama mapato mengineyo yasiyohusiana na idadi ya madumu, hupata picha ya kiwanda kingine kabisa.

Gharama zilizotenganishwa zinaonekana katika Jedwali la 1.

Jedwali la 1: Gharama za kampuni baada ya kutenganishwa (shilingi)

| Zinazobadilika, kwa dumu | | Zisizobadilika, kwa mwaka | |
|---|---|---|---|
| Mbegu (80 × 800) | 64,000 | Pango | 3,600,000 |
| Usafiri wa mbegu | 1,500 | Meneja | 7,200,000 |
| Umeme | 2,000 | Fundi mwendesha mashine | 5,400,000 |
| Dumu tupu | 3,500 | Mlinzi | 3,000,000 |
| Kibarua | 1,000 | Leseni na bima | 1,520,000 |
| Matengenezo | 2,000 | Uchakavu wa mashine | 3,000,000 |
| Kutoa: mashudu | (14,000) | Matengenezo | 2,280,000 |
| Jumla | 60,000 | Jumla | 26,000,000 |

4.0 Nukta ya usawa

Kila dumu linapouzwa, shilingi 60,000 kati ya 80,000 huenda kulipia gharama zilizosababishwa na dumu hilohilo. Shilingi 20,000 zinazobaki huitwa mchango, kwa maana kwamba ndizo zinazochangia kulipa pango, mishahara na gharama nyingine ambazo zingelipwa hata dumu hilo lisingeuzwa. Nukta ya usawa ni idadi ya madumu ambayo michango yake kwa pamoja inatosha gharama hizo bila kuzidi:

Nukta ya usawa = 26,000,000 ÷ 20,000 = madumu 1,300

Mauzo ya mafuta katika nukta hiyo ni 1,300 × 80,000, yaani shilingi 104,000,000. Gharama zinazobadilika, zikiwa zimekwisha kupunguzwa mashudu, ni shilingi 78,000,000, na zisizobadilika ni shilingi 26,000,000. Jumla ni shilingi 104,000,000, na hesabu imefunga. Kwa hesabu ya malighafi, madumu 1,300 ni kilo 104,000 za mbegu. Kwamba tarakimu za shilingi na za kilo zinafanana ni sadfa tu, kwa sababu bei ya dumu ni elfu themanini na mbegu zake ni kilo themanini.

Kama mashudu yangeachwa, gharama inayobadilika ingekuwa shilingi 74,000, mchango ungeshuka hadi shilingi 6,000, na nukta ya usawa ingepanda hadi madumu 4,334. Mchango umepungua kwa asilimia 70, na idadi inayohitajika imezidi mara tatu. Ndiyo maana bei ya mashudu haifai kuchukuliwa kama jambo dogo: ikishuka kutoka shilingi 250 hadi 200 kwa kilo, mchango huwa shilingi 17,200 na nukta ya usawa huhamia madumu 1,512.

Kosa la pili linalojitokeza katika hatua hii lina madhara zaidi kuliko kukosea kutoa. Baadhi ya wanafunzi huanza kwa kutafuta gharama kamili ya dumu moja. Wakichukua, mathalani, uzalishaji wa madumu 1,000, hugawa 26,000,000 kwa 1,000 na kupata shilingi 26,000, hujumlisha na 60,000, na kufikia shilingi 86,000. Bei ni shilingi 80,000. Hitimisho lao huwa kwamba kila dumu linaleta hasara ya shilingi 6,000, na kwamba kuuza zaidi ni kuongeza hasara. Ukweli ni kinyume chake. Katika madumu 1,000 hasara ni shilingi 6,000,000, lakini kila dumu linaloongezwa huipunguza kwa shilingi 20,000, na dumu la 1,300 huimaliza. Shilingi 86,000 ni sahihi kama wastani wa kiwango kimoja cha uzalishaji. Kosa ni kuisafirisha kwenda kiwango kingine kana kwamba ni sifa ya dumu.

Aidha, nukta hii ni ya kihasibu. Uchakavu wa shilingi 3,000,000 umo ndani ya gharama, ingawa hakuna mtu anayelipwa fedha hiyo mwaka huu. Anayeuliza ni lini kampuni itashindwa kulipa mishahara yake atumie shilingi 23,000,000, na atapata madumu 1,150. Kati ya madumu 1,150 na 1,300 kampuni inaweza kulipa madeni yake ya kila mwezi huku mashine ikizeeka bila akiba ya kuirithi.

5.0 Faida lengwa na kodi

Faida ikitakiwa, hubebwa na michango pamoja na gharama zisizobadilika. Laiti wenye hisa wangetaja faida kabla ya kodi, ingejumlishwa moja kwa moja. Wametaja faida baada ya kodi, kwa hiyo ni lazima kwanza ijulikane faida ambayo, ikikatwa asilimia 30, inabakiza shilingi 9,100,000. Kinachobaki ni asilimia 70 ya faida hiyo:

Faida kabla ya kodi = 9,100,000 ÷ 0.70 = shilingi 13,000,000

Madumu yanayohitajika = (26,000,000 + 13,000,000) ÷ 20,000 = madumu 1,950

Uthibitisho ni mfupi. Michango ya madumu 1,950 ni shilingi 39,000,000. Zikitolewa gharama zisizobadilika hubaki shilingi 13,000,000, kodi yake ni shilingi 3,900,000, na salio ni shilingi 9,100,000.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kujumlisha shilingi 9,100,000 kama ilivyo, na kupata madumu 1,755. Kampuni ikiuza kiasi hicho, faida baada ya kodi itakuwa shilingi 6,370,000. La pili hufanywa na mwanafunzi mwangalifu zaidi, anayejua kwamba kodi ihesabiwe, lakini anaongeza asilimia 30 juu ya 9,100,000 na kupata shilingi 11,830,000. Kwa kiasi hicho madumu ni 1,891.5, ambayo huwa 1,892 kwa kuwa nusu dumu haliuzwi, na faida baada ya kodi ni shilingi 8,288,000. Pengo la shilingi 812,000 halionekani popote katika hesabu yake mpaka afanye uthibitisho. Chanzo chake ni kwamba asilimia 30 ya kodi hukatwa kwenye faida kubwa, ilhali yeye ameihesabu kwenye faida ndogo.

Ieleweke pia kwamba kodi haiihamishi nukta ya usawa. Pale ambapo hakuna faida hakuna kodi ya faida, na madumu 1,300 yanabaki 1,300 hata kiwango cha kodi kikipandishwa. Hali ni tofauti kwa mfanyabiashara binafsi mdogo anayekadiriwa kodi kwa msingi wa mauzo badala ya faida. Kodi yake hudaiwa hata akiwa kwenye hasara, na kwa hiyo inapaswa kuingizwa miongoni mwa gharama kabla ya kutafuta nukta yenyewe. Zoezi linapotaja mmiliki bila kusema kama biashara ni kampuni, mwanafunzi hana budi kueleza dhana aliyoichukua.

6.0 Jibu linapovuka uwezo wa mashine

Majibu mengi ya mazoezi huishia hapo, na mtahini huweka alama kamili mbele ya 1,950. Zoezi hili lina sentensi moja zaidi, ambayo haikutajwa juu kwa makusudi: mashine hukamua kilo 75 za mbegu kwa saa, hufanya kazi saa 8 kwa siku, na kiwanda hufunguliwa siku 240 kwa mwaka.

Kilo 75 kwa saa 8 ni kilo 600 kwa siku, yaani madumu 7.5. Kwa siku 240 ni madumu 1,800. Nukta ya usawa iko ndani ya uwezo huo. Lengo la madumu 1,950 limeuvuka kwa madumu 150. Kampuni ikiuza kila dumu ambalo mashine inaweza kutoa, michango itakuwa shilingi 36,000,000, faida kabla ya kodi shilingi 10,000,000, na wenye hisa watapata shilingi 7,000,000. Kwa mpangilio uliopo, shilingi 9,100,000 hazipatikani kwa bidii yoyote ya mauzo.

Njia iliyo karibu ni zamu ya pili katika miezi 4 ya mwaka. Tuseme fundi wa zamu hiyo analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, jumla shilingi 1,600,000. Malipo haya hayafuati idadi ya madumu. Mara zamu inapofunguliwa hulipwa yote. Kwa hiyo gharama zisizobadilika zinaruka kwa ngazi hadi shilingi 27,600,000. Mwanafunzi anayejibu kwamba yatosha kufungua zamu ya pili na kukamilisha yale madumu 150 amesahau kwamba lengo lenyewe limesogea:

Madumu yanayohitajika = (27,600,000 + 13,000,000) ÷ 20,000 = madumu 2,030

Zamu ya pili inaongeza madumu 150 kwa mwezi, yaani 600 kwa miezi 4, na uwezo mpya ni madumu 2,400. Sasa lengo linawezekana, ila kwa madumu 2,030 na si 1,950.

Kuna pia eneo la katikati ambalo kanuni haiwezi kulionesha peke yake. Kampuni inayouza madumu 1,800 kwa zamu moja hupata faida ya shilingi 10,000,000 kabla ya kodi. Ili kupata faida hiyohiyo ikiwa na zamu mbili, inahitaji kuuza (27,600,000 + 10,000,000) ÷ 20,000, yaani madumu 1,880. Kati ya madumu 1,801 na 1,879 kampuni imezalisha zaidi, imewahudumia wateja zaidi, na imepata faida ndogo kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo zamu ya pili ifunguliwe pale tu ambapo maagizo yanayoonekana yanavuka 1,880 kwa nafasi ya kutosha. Mchoro wa mistari miwili inayokatana, ambao huambatana na maswali haya, hulificha jambo hili kwa sababu huchora gharama zisizobadilika kama mstari mmoja wa mlalo kutoka sifuri hadi ukingo wa karatasi. Gharama hizo hazibadiliki ndani ya masafa fulani tu, na katika zoezi hili masafa hayo yanaishia kwenye dumu la 1,800.

Tahadhari inahitajika pia kuhusu matengenezo. Makadirio ya shilingi 2,000 kwa dumu yalitokana na miezi ya madumu 60 hadi 140. Mwezi wa zamu mbili unaweza kufikia madumu 300. Hakuna takwimu katika zoezi inayoeleza mashine inavyochakaa ikifanya kazi saa 16 kwa siku. Parafujo iliyolika haionekani kwenye ankara ya fundi peke yake: mashudu hutoka yakiwa na mafuta mengi, na kiasi cha mbegu kinachohitajika kwa dumu huanza kupanda juu ya kilo 80.

7.0 Bei ya mbegu

Dhana iliyobebwa kimya katika hatua zote ni kwamba mbegu zitanunuliwa kwa shilingi 800 mwaka mzima. Alizeti ya kanda ya kati huvunwa katikati ya mwaka, na bei yake kwa kawaida huwa ya chini mavuno yanapoingia sokoni, kisha hupanda kadiri maghala yanavyopungua. Kiwanda kinachofunguliwa siku 240 hakiwezi kuchukulia bei ya siku ya mavuno kuwa bei yake ya mwaka.

Kila shilingi moja inayoongezeka kwenye kilo hupunguza mchango wa dumu kwa shilingi 80. Wastani wa mwaka ukiwa shilingi 900, mchango hushuka kutoka 20,000 hadi 12,000, na nukta ya usawa huwa madumu 2,167. Idadi hiyo iko juu ya uwezo wa zamu moja. Kiwanda kitafanya kazi mwaka mzima, kitauza kila kitu, na bado kitapata hasara. Mpaka wenyewe unaweza kutafutwa kwa kuigeuza kanuni. Ili nukta ya usawa isizidi madumu 1,800, mchango usipungue 26,000,000 ÷ 1,800, yaani shilingi 14,444. Mchango unaweza kupoteza shilingi 5,556 tu, ambazo zikigawanywa kwa kilo 80 ni takribani shilingi 69. Wastani wa bei ya mbegu ukivuka shilingi 869, hakuna idadi ya madumu ndani ya zamu moja itakayoinusuru kampuni. Kwa mwenye kiwanda, tarakimu hii ina faida kubwa kuliko 1,300, kwa kuwa anaweza kuilinganisha na bei anayoikuta mnadani au kwa wakala asubuhi hiyohiyo.

Suluhisho linalotajwa mara nyingi ni kununua na kuhifadhi mbegu wakati wa mavuno. Nalo lina gharama yake. Mbegu za kutosha madumu 1,800 ni kilo 144,000, zenye thamani ya shilingi 115,200,000. Tuchukulie kwamba kampuni ina sehemu ya fedha hizo na inakopa shilingi 40,000,000 kwa riba ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka, na kwamba ghala lililopo linatosha. Riba haifuati madumu. Inaingia kwenye gharama zisizobadilika, ambazo sasa ni shilingi 32,000,000, na nukta ya usawa inapanda hadi madumu 1,600. Mwanafunzi anayetazama nukta peke yake atasema mkopo umeidhuru kampuni kwa madumu 300. Ulinganisho sahihi ni kati ya riba hiyo na kupanda kwa bei inakokukinga. Riba ya shilingi 6,000,000 ikigawanywa kwa kilo 144,000 ni takribani shilingi 42 kwa kilo. Kwa hiyo, kiwanda kikitarajia kuuza madumu 1,800, mkopo una manufaa ikiwa wastani wa bei bila hifadhi ungezidi shilingi 842 kwa kilo. Chini ya hapo, kununua kidogo kidogo ni nafuu. Na kama mauzo yatakuwa madumu 1,300 tu, riba ileile inabebwa na kilo 104,000, na mpaka huo unapanda hadi takribani shilingi 858.